Zero: alama ya nafasi wazi iliyotoka India ikafika Ulaya kwa njia ya Waarabu

Ku soko, mwuzaji akisema "ongeza zero moja", kila mtu anaelewa: bei imezidishwa mara kumi. Franga 500 imekuwa franga 5 000. Kumbe ile zero, ukiiandika peke yake, haina kitu. Namna gani alama isiyokuwa na kitu inaweza kubeba feza nyingi hivyo? Jibu lilianzia India, likapita Bagdadi na Afrika ya Kaskazini, na wafanyabiashara wa Italia wakalipokea kwa mashaka.

Shida iliyohitaji zero

Tuchukue namba moja tu: 207. Ukiisema kwa mdomo, unasema "mia mbili na saba". Hausemi "mia mbili, makumi hakuna, na saba". Mdomo unaruka nafasi ya makumi na hakuna mtu anayepotea, juu neno "mia" limekwisha kutaja ukubwa wa ile mbili.

Waroma wa zamani waliandika vilevile sawa mdomo unavyosema. Mia mbili na saba kwao ilikuwa CCVII: C mbili ni mia mbili, V ni tano, I mbili ni mbili. Kila herufi inabeba thamani yake popote inapokaa, basi hawakuhitaji zero. Lakini jaribu kuzidisha CCVII mara XIV kwa kalamu. Ni kazi ngumu sana. Ndiyo maana wahesabuji wa Ulaya walipanga vijiwe ao vidude vidogo juu ya meza yenye mistari, kisha matokeo peke yake ndiyo yaliandikwa kwa herufi.

Wahindi walichukua njia ingine. Walitumia alama tisa tu, toka 1 mpaka 9, na thamani ya kila alama ikategemea nafasi yake. Ile 2 ikikaa upande wa kuume kabisa ni mbili. Ikisogea nafasi moja upande wa kushoto ni makumi mbili, ikisogea tena ni mia mbili. Mpango huu ni mwepesi, lakini una tundu. Ukitaka kuandika mia mbili na saba, utaandika 2 na 7, na katikati utaacha wazi. Mwandishi akibana kidogo, msomaji ataona 27. Lazima kuwe alama inayosema: "hapa kuna nafasi, lakini ndani hakuna kitu." Ile alama ndiyo zero.

Watu wa Babeli walikuwa wamekwisha kutumia alama ya nafasi wazi katikati ya namba, na Wamaya wa Amerika nao walikuwa na yao. Lakini kwa Babeli ilibaki alama ya kutenganisha tu. Haikuhesabiwa kama namba.

India: toka nafasi wazi mpaka namba

Kwa Kisanskriti waliiita shunya, maana yake "tupu". Mwaka 628, mtaalamu wa nyota na hesabu, Brahmagupta, alimaliza kitabu ambamo aliweka sheria za kuhesabu na zero. Alieleza namba kwa lugha ya biashara: namba zilizo juu ya zero aliziita mali, zilizo chini aliziita deni. Namba ukiitoa kwake yenyewe, inabaki zero. Mali na deni zikiwa sawa, zikikutana zinakuwa zero. Ukiongeza zero ku deni, deni linabaki vile lilivyo. Kitu chochote mara zero ni zero.

Hapo ndipo kulikuwa hatua kubwa. Zero haikuwa tena kizibo cha tundu, ilikuwa namba unayoweza kuongeza, kutoa na kuzidisha kama zingine.

Lakini pa kugawanya, Brahmagupta alikwama. Alisema zero gawanya kwa zero ni zero. Leo tunajua hesabu hiyo haina jibu moja. Ukiuliza "zero mara ngapi inatoa zero?", unaweza kujibu mara 5, mara 80, ao mara yoyote, na kila jibu ni sawa. Ndiyo sababu mashini ya kuhesabu, ukiiomba igawanye kwa zero, inaonyesha kosa.

Mtu anayetaka kuona zero ya zamani kwa macho anaweza kwenda mji wa Gwalior, India. Ku ukuta wa hekalu dogo kuna maandiko ya mwaka 876 yanayoeleza kiwanja kilichotolewa kwa bustani: upande mmoja vipimo 187, upande mwingine 270, na maua yatoshe kufanya mataji 50 kila siku. Zero ya 270 na ile ya 50 ni viduara vidogo, na hata mtoto wa shule ya leo anaweza kuvitambua.

Bagdadi: kitabu kilichobeba jina la mwandishi

Hesabu hizi zilianza kusikika inje mapema. Mwaka 662, askofu mmoja wa Siria, Severo Sebokht, aliandika kwamba Wahindi wanahesabu kwa alama tisa, akawasifu. Karibu miaka mia moja nyuma, vitabu vya nyota kutoka India vilifika kwa watawala wa Bagdadi, vikatafsiriwa katika Kiarabu.

Karibu na mwaka 825, Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Bagdadi, aliandika kitabu cha kueleza hesabu ya Wahindi. Hakudai kwamba ni uvumbuzi wake, alisema wazi ni ya Wahindi. Kitabu chake cha Kiarabu kimepotea, lakini tafsiri ya Kilatini ya karne ya 12 ilibaki. Kule Ulaya jina lake likaandikwa Algorizmi, na toka hapo likazaliwa neno algoriti, yaani hatua zinazofuatana za kufanya hesabu.

Waarabu walipokea pia chombo cha Wahindi: ubao uliomwagiwa vumbi ao muchanga. Mtu anaandika kwa kidole ao kijiti, anafuta namba ya zamani, anaweka mpya, mpaka jibu linabaki peke yake. Tuweke mfano: mifuko 207 ya maharagi, kila mfuko dola 14. Unaanza na ile 2, ambayo nafasi yake ni mia: mia mbili mara 14 ni 2 800. Makumi ni zero: zero mara 14 ni zero, hakuna cha kuongeza, lakini nafasi inabaki mahali pake. Mwisho 7 mara 14 ni 98. Jumla ni dola 2 898. Kama zero ilisahauliwa na ukasoma 27, jibu litakuwa dola 378. Mwenye mifuko amepoteza dola 2 520 juu ya kiduara kimoja.

Ule ubao ulikuwa na ubaya wake: ukikosea katikati, hauwezi kurudi nyuma kuona kosa liko wapi, juu hatua zote zimefutwa. Kule Damasko, karibu mwaka 952, Al-Uqlidisi aliandika kitabu kinachoonyesha namna ya kufanya hesabu hizo kwa wino na karatasi bila kufuta. Sasa mtu mwingine angeweza kufuata hatua kwa hatua na kuhakikisha.

Ulaya: kuchelewa na mashaka

Ulaya ilipata namba hizi vipande vipande. Ku Hispania, kitabu cha mkono cha mwaka 976 kinaonyesha alama tisa za Wahindi, lakini zero haimo. Aliyekuwa anapanga vijiwe ku meza yenye mistari hakuihitaji: kama hakuna makumi, anaacha mstari wa makumi bila kitu.

Aliyeleta mpango wote kwa wafanyabiashara ni Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kwa jina Fibonacci. Baba yake alifanya kazi ya forodha kwa niaba ya wafanyabiashara wa Pisa ku bandari ya Bujaya, katika Aljeria ya leo. Kijana alijifunza namba za Wahindi hapo hapo Afrika, kisha akasafiri Misri, Siria na kwingine. Mwaka 1202 aliandika kitabu kikubwa cha hesabu. Mwanzo kabisa anaonyesha alama tisa pamoja na alama 0, na anasema kwa hizo mtu anaweza kuandika namba yoyote. Kisha anaingia ku mambo ya soko: bei ya bidhaa, kubadilisha feza, kugawanya faida.

Hata hivyo, mwaka 1299 chama cha wabadilishaji feza wa mji wa Florensi kilikataza wanachama kuandika hesabu za vitabu vyao kwa namba mpya. Walitakiwa kuandika kwa herufi. Hofu ya udanganyifu inaeleweka: 0 inageuka 6 ao 9 kwa mvuto mmoja wa kalamu, na zero ikiongezwa nyuma, deni la 50 linakuwa 500. Kwa CCVII, mchezo huo hauko rahisi hivyo. Dawa yao inatumika mpaka leo: ku risiti ya maana, feza inaandikwa mara mbili, kwa namba na kwa maneno, na mwenye kupokea anaangalia kama vyote vinapatana.

Mwisho namba mpya zilishinda, lakini pole pole. Shule za hesabu za Italia ziliwafundisha watoto wa wafanyabiashara, na toka karne ya 15 vitabu vilivyochapwa kwa mashini vilizieneza mbali zaidi.

Neno moja, njia mbili mpaka kwetu

Waarabu walitafsiri shunya kwa neno sifr, nalo ni "tupu". Waswahili wa pwani walilipokea moja kwa moja, wakasema sifuri. Katika Ulaya lilipita njia ya mzunguko: Fibonacci aliliandika zephirum kwa Kilatini, na ku midomo ya Waitalia likafupishwa mpaka zero. Sifr ile ile ilizaa pia neno cifra, na Wafaransa wakalifanya neno tunalosema sisi shifre.

Basi mwanafunzi wa Uvira ao Beni akisema "andika shifre, kisha weka zero", ametaja neno lile lile la Kiarabu mara mbili. Na mwenzake wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, akisema "weka sifuri", ametumia neno hilo hilo, isipokuwa lake halikupitia Ulaya.