Kami

Kami ni nguvu takatifu zinazoabudiwa katika Shinto, dini ya jadi ya Wajapani. Si kila jiwe au mti huwa na kami: mwanazuoni Motoori Norinaga (1730–1801) alieleza kuwa kami ni chochote kipitacho kawaida na kutia kicho, kiwe chema au kiovu. Ushahidi ulio wazi uko Nachi, mkoani Wakayama, ambako maji huporomoka mita 133. Hekalu la Hiro lililo chini yake halina jumba kuu la kumhifadhi kami, kwa kuwa maporomoko yenyewe ndiyo makao yake. Huenda mtu akasema kwamba basi Wajapani huabudu maji. Lakini kamba ya mabua ya mpunga iliyotandwa juu ya maporomoko, ambayo hubadilishwa mara mbili kwa mwaka, huweka mpaka: anayeheshimiwa ni kami aliye pale, si maji popote yalipo.