Kunasa kamabeka kwa simu: Jinsi ya kuondoa mtetemo bila kuua mtikiso wa mabega

KAMABEKA ni ngoma ya mabega. Jina lenyewe katika lugha ya Kibukusu lina maana hiyo, na yeyote aliyehudhuria harusi au sherehe Bungoma au viungani mwa Kitale anajua kwamba mchezaji hupimwa kwa namna anavyotikisa mabega huku litungu likilia.

Siku hizi mtu mwenye simu ya kawaida anaweza kumrekodi mchezaji kama huyo, kisha miondoko yake ikahamishiwa kwa mhusika wa katuni ndani ya kompyuta. Hapo awali kazi hii ilihitaji mavazi maalumu yenye alama na kamera nyingi. Sasa programu husoma video moja na kukadiria mahali ilipo kila kiungo cha mwili.

Hata hivyo, makadirio hayo hayatulii. Mhusika hutetemeka hata pale mchezaji aliposimama tuli. Mtengenezaji hukimbilia kulainisha miondoko yote, na mtetemo unapotoweka, mtikiso wa mabega nao hutoweka. Kinachobaki ni mtu anayenesanesa, na mzee wa Bungoma akionyeshwa atauliza ni ngoma gani hiyo.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutenganisha mambo hayo mawili: mtetemo, ambao ni kosa la programu, na mtikiso, ambao ni kazi ya mchezaji.

Kurekodi

Usafi wa miondoko huanza kwenye kamera. Simu iwekwe juu ya kigoda cha miguu mitatu au ukutani, isishikwe mkononi, na mwili mzima wa mchezaji uonekane tangu utosini hadi nyayoni. Simu irekodi fremu 60 kwa sekunde badala ya 30.

Mchana wa jua, mwanga hutosha kabisa. Ndani ya nyumba, taa nyingi za umeme humetameta mara 100 kwa sekunde kwa kuwa umeme wa Kenya ni wa Hezi 50. Kwa hivyo, kama simu inaruhusu, muda wa kufungua lenzi uwekwe sehemu 1 kwa 100 ya sekunde. Mwanga ukiwa hafifu, simu hurefusha muda huo yenyewe, mkono unaokwenda kasi huonekana kama ukungu, na programu hukisia.

Mavazi nayo yana uzito wake. Shuka pana huficha nyonga na viwiko. Mchezaji avae nguo iliyobana kiasi, yenye rangi tofauti na ukuta ulio nyuma yake.

Zaidi ya yote, kabla ya ngoma kuanza, mchezaji asimame tuli kwa sekunde 5 huku kamera ikirekodi. Sekunde hizo ndizo kipimo chetu baadaye. Chochote kitakachosogea humo ni mtetemo mtupu, kwa kuwa mwenyewe hakusogea.

Simu nyingi hazishiki mwendo ulio sawa. Zinaweza kurekodi fremu 58 sekunde moja na 61 sekunde inayofuata. Kasoro hiyo husawazishwa kwa amri hii kabla ya jambo jingine lolote:

```
ffmpeg -i ngoma.mp4 -vf fps=60 -crf 16 ngoma60.mp4
```

Kusoma viungo

Miongoni mwa programu zinazopatikana bila malipo ni MediaPipe ya kampuni ya Google, ambayo huweka nukta 33 mwilini. Bega la kushoto ni nukta ya 11 na la kulia ni ya 12. Kila nukta huja na thamani iitwayo `visibility`, kati ya 0 na 1, inayoonyesha jinsi programu inavyoamini kwamba kiungo hicho kinaonekana.

Programu yenyewe huwa na kichujio kinacholainisha nukta inapofuatilia video. Katika matoleo yake ya awali, kichujio hicho huzimwa kwa kuandika `smooth_landmarks=False`. Ni vyema kukizima. Kichujio cha papo hapo hutazama fremu zilizopita pekee, kwa hivyo huchelewesha mwendo kidogo nyuma ya mdundo. Tunapochuja baada ya kurekodi, tunaziona fremu za mbele na za nyuma pia, na hatuna sababu ya kuchelewa.

Kuna mtego mwingine unaohusu kamabeka hasa. Kati ya nukta zile 33 hakuna ya shingo wala ya kifua. Mabega mawili yakipanda pamoja, mfumo unaohamisha miondoko waweza kudhani kwamba mgongo umerefuka, na kwa kuwa mgongo wa mhusika haurefuki, mwendo huo hutupwa.

Dawa yake ni kupima urefu wa kila bega kutoka katikati ya nyonga mbili, kisha kuupeleka kwenye mfupa wa mtulinga wa mhusika. Katika viunzi vya Rigify ndani ya Blender, mifupa hiyo huitwa `shoulder.L` na `shoulder.R`. Asiyefanya hivyo atatafuta kosa kwenye kichujio, kumbe mtikiso haukuwahi kufika kwa mhusika.

Kuhesabu kabla ya kuchuja

Tuchukue mfano. Video ya kamabeka imerekodiwa Bungoma na inashughulikiwa Kitale. Mtengenezaji anaitazama polepole na kuhesabu mitikiso 40 ya bega katika sekunde 10, yaani mitikiso 4 kwa sekunde. Kwa fremu 60 kila sekunde, mtikiso mmoja huchukua fremu 15. Bega linapanda na kushuka kwa sentimita 4. Katika sekunde 5 za kusimama tuli, nukta ya bega inachezacheza kwa takriban sentimita 1.

Njia inayotumiwa na wengi ni kuchukua wastani wa fremu jirani. Je, wastani huo ukiwa wa fremu 15? Ndani ya fremu 15 bega limepanda na kushuka mara moja kamili. Kupanda na kushuka hufutana, na wastani wake ni mstari ulionyooka. Mtikiso umekufa wote. Wastani wa fremu 7 hubakisha kama thuluthi mbili: sentimita 4 huwa chini ya sentimita 3, na ngoma huonekana imechoka.

Kichujio kinachofaa zaidi ni kile kiitwacho Butterworth, ambacho huruhusu mwendo ulio chini ya kikomo fulani na kuzuia ulio juu yake. Kanuni ya kuanzia ni kuweka kikomo mara mbili ya mwendo wa kweli ulio wa kasi zaidi katika kiungo husika. Bega lenye mitikiso 4 kwa sekunde lipewe kikomo cha Hezi 8. Kiuno kinachonesa mara 2 kwa sekunde kipewe 4. Kutumia namba moja kwa mwili mzima ndilo kosa lenyewe: Hezi 3 zinazotuliza kiuno vizuri zitafuta karibu mtikiso wote wa bega.

Hatua kwa hatua

Kwanza, ondoa miruko. Mkono unapopita mbele ya kifua, programu hupotea, na kiwiko chaweza kuruka nusu mita kwa fremu moja kisha kikarudi. Kichujio hakiondoi mruko kama huo, bali huusambaza kwa fremu za jirani ukawa uvimbe. Futa fremu ambazo `visibility` yake iko chini ya 0.5, pamoja na miruko unayoiona kwa macho, kisha uache programu iunganishe pande mbili za pengo.

Aidha, pembe za mzunguko huweza kuruka kutoka nyuzi 180 hadi hasi 180 ingawa mfupa haukusogea. Katika Blender, hilo hurekebishwa kwa `Discontinuity (Euler) Filter` kabla ya kuchuja.

Pili, hakikisha mradi wako wa Blender umewekwa fremu 60 kwa sekunde. Ukiachwa kwenye 24, namba za Hezi hazitakuwa na maana uliyokusudia. Kisha fungua `Graph Editor`, chagua mistari ya bega pekee, na utumie `Butterworth Smooth` iliyomo katika orodha ya `Key`, sehemu ya `Smooth`. Andika 8. Rudia kwa kiuno ukiandika 4.

Tatu, shughulikia nyayo mwisho. Baada ya kuchuja, nyayo huteleza sakafuni kama za mtu aliye juu ya tope. Tafuta vipindi ambavyo wayo umesimama, uufunge mahali pamoja kwa muda huo, na uache goti lijipinde kufuata. Kufunga nyayo kabla ya kuchuja ni kazi bure, kwani kichujio kitazifungua tena.

Jinsi ya kujua umefaulu

Rejea kwenye zile sekunde 5 za mwanzo. Bega linapaswa kutulia zaidi kuliko awali. Kisha hesabu mitikiso katika sekunde 10 zile zile. Iwapo ilikuwa 40, iwe 40, na kimo chake kikaribie sentimita 4. Iwapo utulivu umepatikana lakini kimo kimeshuka, kikomo kiko chini mno. Kiongeze hadi 9 au 10.

Usitarajie utulivu kamili. Mtetemo umesambaa katika kasi zote, za chini na za juu, na ule ulio chini ya Hezi 8 hupita pamoja na mtikiso. Katika mfano wetu, sentimita 1 ya mtetemo yaweza kushuka hadi kama nusu sentimita tu. Sehemu za kusimama zaweza kuchujwa peke yake kwa kikomo cha chini, kwa kuwa hapo hakuna mtikiso wa kulinda.

Kuna pia ambalo kichujio hakiwezi kulirudisha. Kamera moja huona vyema kupanda na kushuka kwa bega, lakini bega linaposukumwa mbele kuelekea kamera, umbali huo hukisiwa. Mchezaji anayesukuma mabega mbele na nyuma arekodiwe akiwa amegeuka kidogo upande, ili sehemu ya mwendo huo ionekane kama mwendo wa kushoto na kulia.

Hatimaye, cheza video ya awali na ya mhusika kando kwa kando, pamoja na sauti ya litungu. Jicho husamehe mtetemo mdogo wa bega, lakini halisamehi bega linalofika baada ya mdundo.