Duara kumi za Newmark: jinsi wahandisi walivyojifunza kupima mzigo chini ya ardhi

Chukua tangi la maji lililokaa juu ya msingi wa zege wenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 4. Tangi likijaa, lenyewe na maji yake lina uzito wa tani 120, kwa hiyo kila mita ya mraba ya ardhi chini ya msingi inabeba tani 10. Mita mbili chini ya msingi kuna udongo laini wa mfinyanzi, ule unaotitia polepole kwa miaka. Mhandisi anataka kujua jambo moja: kati ya zile tani 10, ni ngapi zinazoufikia mfinyanzi?

Jibu la haraka kuliko yote linaitwa mbili kwa moja, na halina jina la mtu. Linachukulia kwamba mzigo unatanuka kadiri unavyoshuka: ukishuka mita mbili, unatoka nje mita moja kila upande. Kwa hiyo kwenye kina cha mita 2 msingi wetu wa mita 3 kwa 4 umekuwa mita 5 kwa 6, yaani mita za mraba 30. Gawanya tani 120 kwa 30, unapata tani 4. Hesabu hiyo inafanyika kwenye kiganja cha mkono ukiwa umesimama kando ya shimo, na ndiyo maana imedumu hadi leo.

Tani 4, lakini mahali gani hasa? Njia hii inagawa mzigo sawasawa kwenye eneo lote lililotanuka, kama vile katikati ya msingi na kwenye kona yake ni sawa. Ardhi haifanyi hivyo.

Aliyelithibitisha hilo kwa hesabu hakuwa mtu wa misingi. Joseph Boussinesq alikuwa mwanahisabati wa Kifaransa, na mwaka 1885, akifundisha Lille, alichapisha kitabu juu ya nguvu ndani ya vitu vinyumbufu. Humo alijiuliza: nikikandamiza kwa ncha moja tu uso wa kitu kinyumbufu kisicho na mwisho kwa upana wala kwa kina, nguvu inasambaa vipi ndani yake? Jibu lake ni kwamba chini kabisa ya ile ncha, mkazo wima ni mzigo uliozidishwa kwa 0.4775 na kugawanywa kwa kipeo cha pili cha kina. Ukishuka kina mara mbili, mkazo unabaki robo. Ukienda pembeni, unapungua kwa kasi. Zaidi ya hayo, ndani ya fomula hiyo hamna kipimo chochote cha ugumu wa udongo. Ndicho kilichowapa watu wa misingi ujasiri wa kuitumia, maana ugumu wa udongo ndicho kitu kigumu kuliko vyote kukipima.

Taabu ilikuwa kwamba hakuna jengo linalosimama juu ya ncha. Msingi una eneo, na eneo ni ncha zisizohesabika ambazo athari zake lazima zijumlishwe. Kazi hiyo aliifanya Nathan Newmark wa Chuo Kikuu cha Illinois, kijana aliyezaliwa New Jersey mwaka 1910. Mwaka 1935 alitoa waraka mfupi wenye jibu la mkazo chini ya kona ya mstatili. Kwa nini kona? Kwa sababu mstatili wowote unaweza kuukata vipande vinne vinavyokutana kwenye nukta unayoitaka, kila kipande kikiwa na kona yake hapo, kisha ukajumlisha. Hata nukta iliyo nje ya msingi, tuseme chini ya ukuta wa jirani, unaipata kwa kuchora mstatili mkubwa unaofika hapo, halafu ukaondoa sehemu zisizo na mzigo. Mwaka 1948 Ralph Fadum aliyaweka majibu hayo kwenye mikunjo inayosomeka kwa macho.

Lakini karatasi inayostahili kukumbukwa zaidi ni ile aliyoitoa Newmark mwaka 1942, chati ya athari. Alianza na duara. Ukiwa na mzigo wa umbo la duara, nusukipenyo chake kikiwa 0.27 ya kina, katikati yake chini unapata sehemu moja ya kumi ya mzigo wa juu. Kikiwa 0.40, unapata sehemu mbili za kumi, 0.77 inakupa nusu, 1.91 inakupa sehemu tisa za kumi. Duara la kumi halichoreki, kwa kuwa ili upate mzigo wote lazima duara liwe halina mwisho. Ukizichora duara hizo, ukazikata kwa mistari 20 inayotoka katikati, unapata vyumba 200. Vile vya pembeni ni vikubwa sana, vya katikati ni vidogo, na bado kila kimoja kina athari ileile ya 0.005.

Turudi kwenye tangi. Kwenye chati kuna mstari unaowakilisha kina. Ukiwa na urefu wa sentimeta 4, basi mita zetu 2 za kina ni sentimeta 4, na msingi unachorwa sentimeta 6 kwa 8. Unauchora kwenye karatasi inayopitisha mwanga, unaweka katikati ya msingi juu ya kitovu cha duara, unahesabu vyumba vilivyofunikwa, na vile vilivyokatwa unavikadiria. Vinakuja kama 124. Zidisha kwa 0.005, kisha kwa tani 10: tani 6.2. Sogeza karatasi mpaka kona ikae kwenye kitovu, uhesabu tena. Vyumba vinakaribia 45, na mkazo ni tani 2.2.

Hapo ndipo tofauti inapoonekana. Mbili kwa moja ilisema tani 4. Katikati mfinyanzi unabeba zaidi ya sita, kwenye kona zaidi kidogo ya mbili. Udongo utatitia zaidi katikati kuliko kwenye kona, na jengo hupasuka kwa sababu sehemu zake zimeshuka kwa viwango tofauti. Likishuka lote kwa pamoja huweza kusalimika. Zile tani 4 ni wastani tu, na wastani hauonyeshi ufa utatokea wapi.

Kwa haki, njia ya zamani nayo ina mahali pake. Teremka hadi mita 6 chini ya tangi hilohilo: mbili kwa moja inatoa tani 1.33, na fomula ya Boussinesq inatoa tani 1.39 katikati. Huko chini msingi umekuwa mdogo ukilinganishwa na kina, na njia hizo mbili zinakaribiana sana. Makosa yapo juu, karibu na msingi, ambako mzigo bado ni mkubwa.

Chati ina mitego yake. Kila kina kinahitaji mchoro mpya, kwani kipimo kinabadilika. Anayetumia mchoro wa mita 2 kwa kina cha mita 4 atapata jibu linaloonekana safi na ni la uongo. Njia rahisi ya kujikagua ni hii: chini ya kona ya mstatili, mkazo hauwezi kamwe kuzidi robo ya mzigo wa juu. Tani 2.2 kwa 10 inapita. Ukipata 3, rudia.

Kuna pia kikomo ambacho hesabu haiwezi kukiondoa. Boussinesq alifikiria kitu kimoja, cha namna moja, hadi chini kusiko na mwisho. Udongo wa kweli una matabaka. Mwaka 1938 Harald Westergaard, aliyekuwa mmoja wa walimu wa Newmark hapo Illinois, alitoa fomula kwa ajili ya udongo uliolazwa matabaka membamba magumu yanayouzuia kutanuka pembeni. Kwake, mkazo chini ya ncha ya mzigo unaweza kushuka hadi theluthi mbili ya ule wa Boussinesq. Mhandisi anayejua ardhi yake ndiye anayeamua amfuate nani.

Siku hizi kompyuta inatoa jibu kwa sekunde, na mara nyingi nyuma ya skrini ni fomula ileile ya 1885. Kwa hiyo wewe unayejenga, ukiletewa ripoti ya msingi yenye namba moja ya mkazo kwenye mfinyanzi, muulize mhandisi: hii ni ya katikati, ya kona, au ni wastani?