Ubabi: Vuguvugu lililozimwa kwa risasi Iran, likazaa dini mpya

Julai 9, 1850, kijana wa miaka 30 alifungwa kamba ukutani katika uwanja wa jeshi mjini Tabriz, Iran, ili apigwe risasi. Moshi ulipotawanyika, kamba zilikuwa zimekatika naye hayupo. Alikutwa kwenye chumba cha jirani, akarudishwa, na kikosi kingine kikammaliza.

Alikuwa Sayyid Ali Muhammad, mfanyabiashara wa Shiraz, maarufu kama Bab, yaani "Mlango".

Alikuwa anadai nini?

Mashia wa Ithnaashari wanaamini Imam wao wa 12 alitoweka mwaka 260 Hijria na atarudi akiwa Mahdi. Mwaka 1260 Hijria, yaani 1844, ilitimia miaka 1,000 tangu atoweke, na wengi walikuwa wakimsubiri kwa hamu. Mwaka huo Bab alijitangaza.

Mwanzoni wengi walimwelewa kama mlango wa kumfikia Imam. Baadaye akasema wazi kwamba yeye ndiye Mahdi mwenyewe, tena ameleta kitabu na sheria mpya. Hapo ndipo wanazuoni na serikali walipomkalia kooni. Akafungwa katika ngome za milimani, Maku na kisha Chihriq, huku wafuasi wake wakipigana na jeshi la Shah kwenye ngome ya Sheikh Tabarsi.

Kisasi kilichogeuza mambo

Agosti 1852, Wababi wachache walijaribu kumuua Shah Nasiruddin kulipiza kisasi. Silaha zao zilikuwa na vichembe vya kuwindia ndege, hivyo Shah akajeruhiwa tu. Lakini Wababi waliuawa ovyo, akiwemo mshairi Tahira, na vuguvugu likabaki bila viongozi ndani ya Iran.

Mmoja wa waliosalimika ni Mirza Husein Ali, mtoto wa ofisa wa serikali. Alikaa miezi minne katika shimo la gereza mjini Tehran, kisha mwaka 1853 akafukuzwa nchini na kwenda Baghdad.

Bab alikuwa ameacha ahadi: baada yake atakuja mwingine, "yule ambaye Mungu atamdhihirisha". Mwaka 1863, huko huko Baghdad, Mirza Husein Ali alisema ndiye yeye. Ndiye Bahaullah, mwanzilishi wa dini ya Kibahai.

Wababi wengi walimfuata. Wachache walibaki na ndugu yake wa baba, Subh-i-Azal, na ugomvi wao haukuisha. Bahaullah aliwakataza wafuasi wake vita vya dini, akaachana na njia ya silaha iliyowaponza Wababi.

Serikali ya Iran ilitaka kuing'oa imani hiyo. Kumbe kwa kumfukuza mtu mmoja, iliivusha mpaka: leo mwili wa Bab umezikwa Haifa, na hekalu la Kibahai lipo hadi Kampala.