Kusuka transfoma ndogo: vipimo vitatu

Fundi wa Mbinga au Mbamba Bay anayesuka transfoma ya kushusha volti 230 hadi 12 apime mambo matatu. Tuchukue mfano wa mizunguko 1,725 upande wa umeme wa ukutani na 99 upande wa pili. Uwiano ni takribani 17.4, hivyo bila mzigo mita itasoma volti 13.2.

Kwa mzigo kamili zikishuka hadi 12, pengo ni asilimia 10 ya volti za mzigo. Zikishuka zaidi, huenda waya ni mwembamba mno.

Mwisho, iachwe saa moja bila mzigo, ichomolewe, ndipo iguswe. Ikiwa ya moto sana, tunashuku shoti kati ya mizunguko, au mizunguko michache kwa kiini hicho cha chuma.