Akili ya kiala na tasnia ya utamaduni

Mwaka 1938 Theodor Adorno, mwanafalsafa Mjerumani aliyeukimbia utawala wa Hitler, alifika New York na kuajiriwa katika mradi wa utafiti wa redio ulioongozwa na Paul Lazarsfeld. Lazarsfeld na Frank Stanton wa CBS walibuni kifaa cha kupima wasikilizaji. Kila mmoja alishika vitufe viwili: kimoja alikibonyeza akipendezwa, kingine akichukizwa, na asipobonyeza chochote alihesabiwa kuwa hajali. Majibu yalichorwa kwenye karatasi kipindi kikiendelea.

Kifaa hicho kilijibu vizuri swali moja: kipande kipi kibaki na kipi kiondolewe ili watu wasizime redio? Hakikuuliza kama kipindi chenyewe kilistahili kuwapo, wala ladha ya msikilizaji ilitoka wapi. Hiyo ndiyo akili ya kiala, ala kwa maana ya zana: hupima njia ya kufikia lengo, lengo lenyewe hailihoji. Mwenzake Adorno, Max Horkheimer, aliichambua katika kitabu chake cha 1947. Si akili mbaya. Bila hiyo hakuna daraja lingesimama. Inaharibu pale inapojifanya ndiyo akili yote, na swali la lipi jema likageuzwa kuwa suala la mapendeleo tu.

Wawili hao walikwisha kuandika pamoja *Dialektiki ya Mwangaza*, iliyochapishwa Amsterdam mwaka 1947. Katika rasimu walisema “utamaduni wa umma”. Wakaufuta msemo huo, Adorno alivyoeleza baadaye, kwa kuwa ungemfanya msomaji adhani utamaduni huo umechipuka kwa watu wenyewe. Wakaweka istilahi tunayoiita tasnia ya utamaduni. Tafsiri hii ina kasoro: kwetu “tasnia ya muziki” ni msemo wa heshima, ilhali wao walikuwa wanashutumu. “Kiwanda cha utamaduni” kingeuma zaidi, ila kingetupeleka kwenye mitambo, na Adorno alikuwa akilenga hasa usanifishaji wa bidhaa na mipango ya kuisambaza.

Mfano wake wa mwaka 1941 ni wimbo wa redio wa Marekani. Kiitikio kina baa 32, na msikilizaji anajua kitakachofuata kabla hakijapigwa. Juu ya umbo hilo huongezwa pambo dogo ili wimbo uonekane wa pekee, kisha hurudiwa hewani hadi mazoea yageuke mapenzi. Sasa mpe msikilizaji huyo vitufe viwili. Atabonyeza cha kupendezwa, na kwa dhati kabisa, lakini kifaa kitakuwa kimepima matokeo ya marudio yaleyale kisha kikayaita matakwa ya umma.

Kuhusu jazi, aliyoishutumu vilevile, kwa maoni yangu Adorno alisikia umbo akapitwa na wapigaji: ubunifu wa papo kwa papo aliuhesabu kuwa pambo tu. Kwa hiyo mwanafunzi asiitumie istilahi hii kama tusi kwa wimbo asioupenda. Aonyeshe ni nani alikokotoa nini, kwa lengo gani, na hesabu hiyo imeacha alama wapi ndani ya wimbo wenyewe.