Msahafu wa Zamani Nyumbani: Tunachokijua na Tunachokiamini

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu wawili walinijia na msahafu ulioandikwa kwa mkono, umefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Ulikuwa kabatini kwa marehemu baba yao. Mkubwa aliniambia: "Sheikh, huu una miaka mia nne, umetoka Hadhramaut." Palikuwa na mtu aliyetaka kuununua, na alitaka apewe maelezo ya maandishi. Mdogo hakutaka uuzwe, kwa sababu ukurasa wa mwanzo una maneno yanayosema kuwa ni wakfu. Wakaniomba niwaandikie maelezo ya msahafu ule.

Nimeona niyaeleze hapa tuliyoyafanya siku ile, kwani nyumba nyingi za Unguja na Pemba zina msahafu au kitabu cha aina hii, na kosa linalofanyika ni moja. Tunalolisikia linaandikwa kama tumeliona. Mwenye kuuza kitu kwa sifa asiyoijua, akaisema kwa yakini, ameingia katika ghishi hata kama yeye mwenyewe anaiamini.

Nilichukua karatasi nikaigawa sehemu tatu. Ya kwanza ni yale tunayoyaona kwa macho. Ya pili ni yale yanayofuatia kutokana na tunayoyaona. Ya tatu ni yale yanayosemwa, na kila neno likaandikwa pamoja na jina la aliyelisema.

Tunayoyaona

Hapa mtu asiandike ila kile ambacho mwengine akija kesho atakiona vile vile. Tuliandika: msahafu kamili, juzuu thelathini, karatasi ya rangi ya maziwa, wino mweusi, vichwa vya sura kwa wino mwekundu. Urefu wa ukurasa sentimita 31, upana sentimita 21. Jalada la ngozi ya kahawia. Pambizoni mna maelezo madogo, na baadhi yake yamekatwa herufi za mwisho, maana yake karatasi zilipunguzwa kingo baada ya maelezo yale kuandikwa.

Ukurasa wa mwisho, baada ya Suratun Nas, mwandishi ametaja jina lake na kusema amemaliza siku ya Ijumaa, tarehe 16 Rajab, mwaka 1270. Mji hakuutaja.

Kisha nikaushika ukurasa mmoja mbele ya dirisha, mwanga ukitokea nyuma yake. Ikaonekana mistari myembamba iliyokaribiana, ikikatwa na mingine iliyoachana. Katikati ikaonekana miezi mitatu, mmoja mkubwa, wa pili mdogo kuliko huo, na wa tatu mdogo zaidi. Katika karatasi nyengine zikaonekana herufi za Kilatini zinazosomeka Galvani. Hii huitwa alama ya maji. Huingia wakati karatasi inatengenezwa, kwa waya ulioshonwa juu ya chekecheo la kiwanda, nayo haifutiki. Msomaji anaweza kuitafuta nyumbani kwa njia hii hii. Asirowanishe karatasi, wala asibandike gundi, wala asiikunje ili aione vizuri.

Yanayofuatia

Karatasi za miezi mitatu zilitengenezwa Italia ya kaskazini na kuuzwa kwa wingi katika nchi za Kiislamu, Misri, Hijazi, Yemen na pwani yetu. Galvani ni jina la watengenezaji wa Pordenone, na karatasi zao zenye jina hilo tunazikuta katika vitabu vya karne ya 19. Basi msahafu huu hauwezi kuwa na miaka mia nne, kwani maandishi hayawezi kuitangulia karatasi yaliyoandikwa juu yake.

Lakini tahadhari na upande wa pili. Karatasi inatuambia "si kabla ya wakati fulani". Haituambii siku kalamu ilipogusa. Mtu aweza kununua bunda la karatasi akaliweka miaka mingi ndipo akaandika. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Birmingham kilitangaza kurasa mbili za Qur'ani za ngozi, ambazo kwa kipimo cha kaboni zilikadiriwa ni za baina ya mwaka 568 na 645 Miladia, kwa uhakika wa asilimia 95.4. Wengi walizipokea habari zile kana kwamba maandishi ndiyo yaliyopimwa. Kilichopimwa ni ngozi, yaani wakati aliokufa mnyama. Umri wa maandishi hutafutwa kwa njia nyengine, kama sura ya khati.

Kwetu sisi tuna tarehe iliyoandikwa, na hiyo nayo inafaa kupimwa. Mwaka 1270 Hijria ulianza Oktoba 1853. Kwa hesabu, tarehe 16 Rajab ya mwaka ule inaangukia tarehe 14 Aprili 1854, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Hata tofauti ya siku moja au mbili isingetutisha, kwa sababu ya kuandama kwa mwezi. Ingekuwa mwandishi ametaja Ijumaa na hesabu ikatoa Jumatatu, hapo tungekuwa na shaka kuwa mwaka umesomwa vibaya au umebadilishwa.

Imebaki shaka moja. Mwandishi anayenakili kitabu aweza kunakili mpaka maneno ya mwisho ya kitabu anachokitazama, pamoja na tarehe yake. Tarehe hiyo itakuwa sahihi, lakini ni ya kitabu chengine. Hapa karatasi ya karne ya 19 na tarehe ya 1854 zinakubaliana, na maneno ya mwisho yameandikwa kwa mkono ule ule na wino ule ule wa msahafu wote. Kwa hiyo tuliandika: "Inaelekea sana kuwa umeandikwa mwaka 1270." Hatukuandika "hapana shaka".

Jalada nalo si lazima liwe na umri wa msahafu. Zile herufi zilizokatwa pambizoni zinaonyesha kuwa msahafu uliwahi kufungwa upya. Mtu akiutazama kwa jalada tu atauambia umri wa mshoni wa jalada.

Yanayosemwa

Hapa ndipo watu hukosea kwa njia mbili. Wapo wanaoyachukua maneno ya wazee yote kama yalivyo, na wapo wanaoyatupa. Sisi wanafunzi wa madrasa tulifundishwa njia ya tatu, nayo ni kuuliza: nani kakwambia, na yeye kaambiwa na nani?

Nikamuuliza yule mkubwa kuhusu miaka mia nne. Akafikiri, kisha akasema kuwa alimsikia mgeni mmoja aliyekuja kuuangalia msahafu zamani. Baba yao hakupata kuyasema hayo. Alilolisema baba yao ni hili: bibi yake alimwambia kuwa msahafu uliletwa na babu yake yeye bibi, aliyekuja kwa jahazi.

Basi tukahesabu. Baba alizaliwa kiasi cha mwaka 1915. Bibi yake aliyemsimulia anakadiriwa kuzaliwa kiasi cha 1860. Babu wa bibi huyo basi ni mtu wa mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1854 alikuwa mtu mzima. Maneno ya nyumba yanakubaliana na karatasi na tarehe. Kilichokwenda kombo ni maneno ya mgeni, ambayo hayana sanadi. Ndugu wawili walikuwa wanaibeba habari dhaifu na kuiacha ile yenye nguvu.

Na Hadhramaut je? Bibi alisema jahazi, hakutaja bandari. Jina la mji lilitokana na ukoo wao, kwa kuwa wana asili ya huko, ndipo ikadhaniwa msahafu nao umetoka huko. Inawezekana. Lakini karatasi ile iliuzwa pande zote, na mwandishi hakutaja mji. Wala tusidhani kuwa kila msahafu mzuri ulivuka bahari. Siyu, katika kisiwa cha Pate, paliandikwa misahafu mizuri karne ya 18 na 19 kwa mikono ya watu wa pwani hii. Kwa hiyo pahala ulipoandikwa tuliandika: "Haijulikani. Familia inaamini ni Hadhramaut."

Yale maneno ya wakfu

Ukurasa wa mwanzo umeandikwa: wakfu kwa msikiti wa, kisha karatasi imeliwa na mchwa. Khati yake si ya mwandishi wa msahafu, na wino wake umegeuka kahawia. Hakuna tarehe, jina la mwenye kuwakifisha wala shahidi.

Tunachokijua ni kwamba mtu fulani, wakati fulani, aliandika maneno haya. Hatujui kama aliyeyaandika alikuwa ndiye mwenye mali. Kwa hiyo nilimwambia mdogo kuwa maneno haya peke yake hayatoshi kumfanya aseme kwa yakini kuwa ni wakfu. Na nilimwambia mkubwa kuwa hayamruhusu kuuza kana kwamba hayapo. Wakfu ukithibiti hauuzwi wala haurithiwi, na jambo lenye uzito huo halikatwi kwa dhana ya upande wowote. Waupeleke kwa Kadhi, na waulize Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kama kuna kumbukumbu, na mpaka hapo msahafu ubaki mikononi mwao kama amana. Ukurasa ule usitolewe wala usifunikwe. Kuuficha kwa mnunuzi ni haramu bila ya khilafu.

Maelezo tuliyoyaandika

"Msahafu kamili wa kuandikwa kwa mkono, sentimita 31 kwa 21, karatasi yenye alama ya miezi mitatu na jina Galvani. Mwandishi ametaja jina lake na tarehe Ijumaa 16 Rajab 1270, sawa na 14 Aprili 1854. Karatasi inaafikiana na tarehe hiyo. Pahala ulipoandikwa hapajulikani. Umewahi kufungwa upya. Ukurasa wa mwanzo una maneno ya wakfu kwa mkono mwengine, bila ya tarehe, jina la msikiti limepotea. Familia inapokea kutoka kwa baba, kutoka kwa bibi yake, kuwa uliletwa kwa jahazi na babu wa bibi huyo. Familia inaamini umetoka Hadhramaut."

Yule mkubwa aliyasoma mara mbili. Akasema: "Sheikh, umeupunguzia miaka mia mbili na ushei." Nikamwambia miaka hiyo haikuwa yake. Alichokuwa nacho, na hakukijua, ni bibi aliyehifadhi habari sahihi kwa mdomo, na karatasi imekuja kumshuhudia.

Wallahu a'alam.